Maziwa ya Masisi mbele ya pakiti ya nje: marke ya koperative inajengwa na nini?

Mteja akiingia ku alimantasio moja ya Goma asubuhi, mara nyingi anakuta maziwa ya aina tatu. Kuna maziwa ya unga ku kopo. Kuna pakiti ya katoni yenye kutoka Rwanda ao Uganda, imepangwa ku etajeri bila frigo. Na pembeni, chini, kuna chupa ao bidoni ya maziwa ya hapa kwetu, yenye kushuka kutoka vilima vya Masisi. Mama mwenye kununulia mtoto anashika pakiti, anasoma tarehe, anaiweka ku kikapu. Kuhusu bidoni, yeye anauliza tu: « Hii ni ya leo? » Na muuzaji anajibu: « Ni ya leo, mama. »

Lile jibu halina kitu cha kulishikilia, na ni pale koperative inapoteza wateja. Masisi iko na majani, iko na ng'ombe, na fromaji ya Goma inajulikana mupaka mbali. Lakini maziwa yenyewe, ya kunywa, yanauzwa bila jina. Koperative nyingi zinafikiri kwamba marke ni picha ya ng'ombe na rangi nzuri ku etiketi. Si vile. Marke ni ahadi yenye mnunuzi anaweza kuihakikisha yeye mwenyewe, leo, kesho na kesho kutwa. Makala hii inaeleza ahadi hiyo inasimama ku nini, na inaanguka wapi.

Nguvu ya pakiti ni nini

Maziwa ya pakiti yenye kukaa muda mrefu yanapashwa moto mukali sana, digri 135 na zaidi, kwa sekunde chache tu. Kisha yanafungwa ndani ya katoni safi kabisa, hewa haiingii. Njo maana yanaweza kukaa miezi bila frigo. Moto ule unabadilisha ladha kidogo, na watu wenye kuzoea maziwa ya ng'ombe wanaisikia mara moja ku ulimi.

Mteja anajua ile ladha, na bado ananunua pakiti, kwa sababu pakiti ya leo inafanana na ya jana. Haijamugandia ku sufuria. Haijaleta watoto kuumwa tumbo. Koperative yenye kuandika tu « maziwa matamu ya asili » inajibu swali lenye mteja hakuuliza. Swali lake ni moja: je, ya leo ni sawa na ya juzi?

Lakini pakiti nayo iko na mupaka wake. Ikifunguliwa, nguvu yake imekwisha. Inafaa iwekwe ku baridi na inywewe kwa siku chache, sawa maziwa mengine. Nyumba isiyo na frigo, yenye kununua kidogo-kidogo kila siku, haipati faida kubwa ya ile miezi yote. Pale njo nafasi ya koperative: nusu litre ya leo, kwa mtu wa kuinywa leo.

« Ya leo » ni hesabu ya saa

Maziwa yanatoka ku ng'ombe na joto ya mwili wake, karibu digri 38. Joto hiyo inapendeza vijidudu. Maziwa safi, yakikamuliwa vizuri, yanajilinda kwa saa chache za kwanza, kisha vijidudu vinaanza kuongezeka haraka, na asidi inapanda. Yakishushwa mupaka digri 4, vinapunguza mwendo. Havikufi, vinalala tu.

Tuchukue mfano wa safari ya asubuhi. Mfugaji anakamua saa kumi na mbili, jua likichomoza. Mtoto anabeba maziwa ku mguu mupaka barabarani, saa moja imepita. Motari anazunguka kukusanya ku wafugaji wengine, saa moja na nusu ingine. Kutoka pale mupaka Sake, halafu Goma, na barabara ya matope na vizuizi vya njiani, masaa mawili ao zaidi. Maziwa yanafika saa tano ya asubuhi, na muda wake wa usalama umeishia barabarani. Kwa mazungumuzo bado ni « ya leo », lakini ndani yameanza kuchacha.

Kwa hiyo koperative inayotaka kuandika neno « ya leo » ku chupa inafaa kwanza ijibu maziwa yanapoa wapi. Kama tanki ya baridi iko Goma tu, imechelewa. Kituo cha kwanza kinafaa kikae karibu na malisho, hata kama ni kidogo: pahali pa kupima, na maji ya baridi ya kuzungushia bidoni. Maji ya chemchemi ya mulima hayafikishi digri 4, lakini yakitoa maziwa ku 38 kuyafikisha karibu 18, yanaongeza saa kadhaa. Na kama umeme unakatika, gurupu iwe na mafuta kabla ya maziwa kufika.

Wafugaji wa mbali sana, wenye maziwa yao hayafiki ku kituo ndani ya masaa mawili ao matatu, wasiingizwe ku maziwa ya kunywa. Maziwa yao yaende ku fromaji, kwa sababu fromaji ya Masisi inatengenezwa kule kule juu na inavumilia safari. Si kuwafukuza, ni kuwapa kazi yenye kulingana na barabara yao.

Usafi unaanza ku bidoni

Bidoni ya manjano ya mafuta ya kupikia njo adui ya kwanza. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na plastiki ikikwaruzika ndani inashika mabaki. Kesho yake maziwa mapya yanamwagwa juu ya vijidudu vya jana. Bidoni ya aliminiamu yenye mudomo mupana ni ghali, lakini inasafishika mupaka chini.

Kuiosha kuko na mpango wake. Kwanza maji ya baridi ao ya uvuguvugu, mara tu inapomwagwa. Ukianza na maji ya moto, maziwa yanapikika ku ukuta wa bidoni na yanashika. Kisha maji ya moto na sabuni na burashi, kisha kusuuza na maji safi, na mwisho kuigeuza mudomo chini ku kitanda cha miti ikauke. Bidoni yenye kufungwa ikiwa na majimaji inanuka kesho, na ile harufu inaingia ku maziwa yote.

Kuna pia jambo la dawa. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, maziwa yake yanabeba ile dawa kwa siku kadhaa. Idadi ya siku imeandikwa ku chupa ya dawa. Mfugaji akiyaleta, hayaonekani kwa macho. Koperative inagundua pale mashanza yanapokataa kuganda, kwa sababu dawa inaua hata kile kijidudu kizuri cha kugandisha. Mashanza yakikataa kuganda, inafaa kuuliza kwa wafugaji ni ng'ombe wa nani aliyetibiwa wiki hii.

Kupima: bidoni moja inaweza kuharibu tanki nzima

Ku mulango wa kituo, kila bidoni inapimwa kabla ya kumwagwa. Kipimo cha kwanza ni pua: mpimaji anafungua na kunusa mara moja. Cha pili ni cha alkoli. Unachukua kipimo kimoja cha maziwa na kipimo sawa cha alkoli ya digri 68, unatikisa ndani ya kichupa. Yakibaki laini, yanapita. Yakifanya chembechembe ku ukuta wa kichupa, maziwa yale hayatavumilia moto. Yatagandia ku sufuria ya mteja.

Tufanye hesabu ya mfano. Koperative inapokea litre 400 asubuhi moja, ndani ya bidoni 10 za litre 40. Tuseme inalipa franga 1.000 kwa litre. Bidoni moja imechacha. Mpimaji akiikataa, mfugaji mumoja ao wawili wanapoteza franga 40.000, na wanakasirika. Mpimaji akimuonea haya jirani yake na kuimwaga ndani ya tanki, maziwa ya 400.000 yanaweza kugandia ku moto. Ao ni mbaya zaidi: yanapita, yanauzwa, na chupa 800 za nusu litre zinabeba jina la koperative mupaka ku nyumba za watu. Ile haya ya asubuhi moja inaharibu marke.

Kipimo cha tatu ni cha maji. Laktodensimetre inaelea ndani ya maziwa na inaonyesha uzito wake. Maziwa mazima yanaonyesha kati ya 28 na 32. Yakiongezwa maji sehemu moja ku kumi, yanashuka karibu nukta 3. Lakini hapa wapimaji wengi wanakosea, na kosa lao linavunja koperative. Chombo kile kimetengenezwa kwa digri 20 za joto. Maziwa yakiwa ya moto ni mepesi, na kwa kila digri yanapunguza nukta kama 0,2.

Mfugaji analeta maziwa mazima ya 30, lakini bado ya moto, digri 32. Chombo kinaonyesha 27 na kidogo. Jirani yake analeta maziwa yaliyopoa digri 20, yenye maji sehemu moja ku kumi. Chombo kinaonyesha 27. Mpimaji asiye na termometre anawaita wote wawili wezi. Yule wa haki anarudi nyumbani na kesho anauzia mununuzi wa barabarani. Mpimaji mwenye termometre anahesabu: digri 12 juu, mara 0,2, ni 2,4. Anaongeza ku 27 na kidogo, anapata 30. Termometre inamuokoa mfugaji yule, na koperative inabaki na mutu wake.

Chombo hicho peke yake hakitoshi vilevile. Mutu akitoa siagi ya juu, maziwa yanakuwa mazito. Akiongeza maji kidogo, yanarudia 30 kama kawaida. Namba inasema sawa, lakini maziwa yamekuwa membamba. Njo maana mpimaji anaangalia pia rangi na mafuta ku ukuta wa kikombe, na akiwa na shaka anaenda kushuhudia kukamua kwa yule mfugaji.

Kupasha moto, bila kudanganya

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu kutoka ku ng'ombe. Koperative yenye kuuza maziwa mabichi chini ya jina lake inabeba ule mzigo pia. Njia ndogo yenye kuwezekana ni kushika maziwa ku digri 63 kwa dakika 30, yakikorogwa, na termometre ndani, kisha kuyapoesha mara moja. Mashine kubwa zinafanya digri 72 kwa sekunde 15. Njia zote mbili zinaua vijidudu vya magonjwa yale, na ladha inabaki karibu na ile ya nyumbani.

Lakini hayageuki pakiti ya miezi. Ku frigo yenye baridi ya kweli yanakaa siku chache. Ku etajeri, hata siku moja ni nyingi. Kwa hiyo ku etiketi inafaa ahadi fupi yenye kutimia: kwa mfano siku 3 ku frigo. Koperative ikijipa siku 7 juu ya kumupendeza mwenye alimantasio, frigo zinazozimwa usiku zitaisuta mbele ya wateja.

Maneno mengine yaachwe. « Asili kabisa » haiwezi kupimwa. « Yanaponya » ni uongo. Na kusema mubaya juu ya maziwa ya nje, kwamba ni ya sumu ao ya zamani, kunarudi ku kichwa cha msemaji, kwa sababu mama mwenye kunywesha mtoto pakiti anajua hakuumwa. Maneno machache yanatosha: yamepimwa, yamepashwa moto, siku gani, yatoke lini ku frigo.

Etiketi yenye kufanya kazi

Etiketi nzuri ya maziwa ya hapa ina mistari midogo. Jina. « Maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa moto. » Kipimo cha nusu litre. Siku yalipopashwa na siku ya mwisho. « Yawekwe ku baridi. » Namba ya tanki. Na simu yenye mutu anaipokea.

Namba ya tanki ndio mstari wenye pakiti ya mbali haiwezi kushindana nayo. Tuseme mama wa Himbi anapiga simu: maziwa yake yameganda ku moto. Anasoma 142-2, yaani siku ya 142 ya mwaka, tanki ya pili. Mwandishi wa kituo anafungua daftari: tanki ile ilipokea bidoni tano, na majina ya wafugaji yako pale. Kabla ya saa sita, alimantasio zote zenye chupa za 142-2 zimepigiwa simu, chupa zimerudishwa, na mama amepewa nyingine bila kulipa. Daftari lile lisipoandikwa kila asubuhi, namba ku chupa ni mapambo.

Chupa yenyewe iko na shida yake. Dekre ya tarehe 30 desemba 2017 ilikataza saketi za plastiki inchini, kwa hiyo kufunga maziwa ndani ya kisaketi ni kujenga marke juu ya kitu kilichokatazwa. Inabaki chupa ngumu. Lakini chupa tupu yenye etiketi nzuri inaokotwa, inajazwa maziwa yenye maji, inauzwa tena kwa jina la koperative. Kifuniko chenye pete ya kuvunjika kinasaidia, na wateja wafundishwe: pete ikiwa imevunjika, usinunue. Njia ingine ni koperative kuwa na kibanda chake chenye bomba, mteja anakuja na chombo chake, na jina linabaki ku ukuta na ku mutu anayehudumia.

Jina ni la nani?

Kivu ya Kaskazini imeona vita miaka mingi, na ng'ombe waliporwa, wafugaji wakahama. Kwa hiyo jina la maziwa linasomwa zaidi ya vile mwenye kulitoa alifikiri. Jina la kilima kimoja linaweza kusikilika kama jina la kabila moja, na nusu ya mji ikaliacha ku etajeri bila kusema kitu. Ni vizuri jina litoke ku kitu chenye wote wanashiriki: asubuhi, umande, majani, njia. Liwe fupi, mtoto anayetumwa ku butiki aweze kulitamka. Na kabla ya kuchapisha etiketi, lijaribiwe ku mitaa mbalimbali: watu wanasikia nini wakilisikia?

Ku upande wa sheria, kuna mambo mawili yenye watu wanachanganya. Tangu tarehe 12 septemba 2012, sheria za OHADA zinatumika Congo, na koperative inaandikishwa chini yake: ya njia rahisi inahitaji angalau wanamemba 5, yenye baraza la usimamizi angalau 15. Lakini kuandikisha koperative si kuandikisha marke. Marke inaandikishwa ku wizara ya viwanda, chini ya sheria ya tarehe 7 januari 1982. Gharama na safari ya Kinshasa vinafanya wengi waahirishe, ao wamuachie prezida aiandikishe kwa jina lake mwenyewe « kwa muda ». Siku anagombana na wengine, anaondoka na jina, na wafugaji wanabaki na maziwa bila uso. Karatasi ile inafaa ibebe jina la koperative, na mkutano mkuu uandike hivyo ku prose-verbali.

Siku barabara imefungwa

Mtihani wa mwisho unakuja ile siku maziwa hayashuki. Mvua imekata barabara, ao kuna milio ya risasi. Wateja wanangojea. Majaribu ni mawili: kununua maziwa yoyote ku soko na kuyatia ku chupa za koperative, ao kukoroga unga na maji. Yote mawili yanauza siku ile, na yanaua jina wiki ijayo, kwa sababu ulimi unajua.

Koperative yenye akili inatuma ujumbe mufupi ku alimantasio mapema: « Leo hakuna maziwa. Kesho tutasema. » Etajeri inabaki wazi, pakiti ya nje inauzwa, na hiyo haifurahishi. Lakini kesho kutwa chupa inaporudi na tarehe mpya, mama anayeuliza « hii ni ya leo? » anaweza kuisoma mwenyewe, na anajua kwamba siku haikuwa ya leo, walisema.